Waraka wa Ndani: Muhtasari wa Madai, Robo ya Pili 2025

Kwa: Wakurugenzi
Kutoka: Meneja wa Madai, Mombasa
Tarehe: 9 Julai 2025
KUH: Idadi na ukubwa wa madai, na ucheleweshaji wa malipo, Aprili hadi Juni

Waheshimiwa Wakurugenzi,

Nawaomba mliangalie zaidi suala la ucheleweshaji, kwa kuwa dawa yake iko mikononi mwenu.

Tulisajili madai 412, kutoka 355 robo iliyotangulia. Ya magari ni 298: tuktuk na bodaboda 121, magari ya kibinafsi 114, malori 63. Mvua za masika zilichangia, hasa madai 46 ya nyumba na maduka yaliyoingia maji. Hayo hupungua masika yakiisha. Ya tuktuk hayatapungua, maana yanapanda kila robo, na kiwango chetu cha malipo ya bima hiyo hakijaguswa. Mizigo ya baharini ilileta 37, na aina nyingine 31.

Gharama yote ni shilingi milioni 76.6. Wastani wa dai umefika 186,000 kutoka 165,000, lakini tusishtuke. Madai manne ya majeruhi wa ajali moja ya lori na matatu, barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, yamebeba milioni 11.2. Tukiyatoa, wastani unashuka hadi 160,000. Kila moja limetengewa akiba iliyo chini ya kikomo cha milioni 3 kwa mtu kilichowekwa na Sura ya 405.

Sasa malipo. Kifungu cha 203 cha Sheria ya Bima kinatupa siku 90. Madai 29 yamezipita. Sita yanangoja abstrakti ya polisi, sita yanangoja vipuri. Yaliyobaki, 17, yana ripoti ya asesa na stakabadhi zote. Kinachokosekana ni sahihi ya pili kutoka Nairobi, inayohitajika kwa dai lolote linalozidi 200,000.

Chukueni mwenye tuktuk mmoja wa Likoni. Aliripoti 14 Machi, ripoti ya asesa ikatufikia 28 Machi: gari limekwisha, alipwe 230,000. Idhini ilitoka 19 Juni. Katika siku 97, 83 faili lilikuwa limelala kwetu, na muda wote huo mkopo wa tuktuk ulikuwa unamdai. Alikuwa akija kaunta kila Jumatatu, akiulizia kwa adabu. Sikuwa na jibu la kumpa, na jambo hilo linaniuma. Akienda kulalamika kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, hatuna utetezi.

Naomba mambo mawili yaamuliwe kwenye kikao cha mwezi huu. Kwanza, idhini ya Mombasa ipandishwe hadi 500,000, wakaguzi wa ndani wakipitia sampuli kila mwezi. Pili, kwa yanayozidi hapo, sahihi itoke ndani ya siku 5 za kazi, na mkurugenzi asipokuwepo awe na wa kumkaimu.

Orodha ya yale 17 nimeambatisha. Kumi na moja yako chini ya 500,000. Mkiridhia, nitayalipa wiki hiyo hiyo.

Meneja wa Madai