Orodha ya vyumba na vipimo vya nyumba ya Mamboleo, Kisumu, kama vilivyonakiliwa kutoka kwenye picha ya ramani

Kwa Shangazi, na nakala kwa Fundi Mkuu.

Shangazi, nimezipokea picha mbili za ramani ulizonitumia hapa Nakuru. Kwa kuwa Fundi ana simu ndogo isiyofungua picha, nimenakili majina ya vyumba na vipimo vyake vyote kwa maandishi matupu, ili aweze kuvipokea kama ujumbe wa kawaida na kuvisoma akiwa pale kiwanjani. Naomba asianze kupiga kamba za msingi upande wa jikoni kabla hajausoma mstari wa jikoni na maelezo yaliyo chini ya orodha.

Vipimo vyote viko katika milimita, kama vilivyo kwenye ramani. Namba ya kwanza ni upana kutoka kushoto kwenda kulia kwa mtu aliyesimama barabarani akiitazama nyumba. Ya pili ni kina kutoka mbele kwenda nyuma. Vipimo vya vyumba ni vya ndani, kutoka uso wa ukuta hadi uso wa ukuta kabla ya plasta, na kuta zote, za nje na za ndani, zimeandikwa 200. Majina ya vyumba nimeyaweka kwa Kiswahili, lakini alama za milango (D), madirisha (W) na vyumba vya kulala (BR) nimeziacha kama zilivyo ili Fundi azitambue akiishika ramani yenyewe.

Kila mstari unaishia kwa neno moja. IMESOMEKA maana yake namba inaonekana wazi kwenye picha. IMEKOKOTOLEWA maana yake sehemu ya namba haionekani, nami nimeipata kwa hesabu ya vipimo vingine vilivyo kwenye mstari huohuo. ULIZA maana yake ramani yenyewe inajipinga au haitoshi, na mchoraji ndiye mwenye jibu.

NYUMBA NZIMA
Upana wa nje ni 11600. IMESOMEKA.
Kina cha nje bila baraza ni 9800. IMESOMEKA.
Eneo lililoandikwa ni mita za mraba 113.68, na 11.6 mara 9.8 inatoa jibu hilohilo. IMESOMEKA.

MBELE
Baraza: 5200 kwa 1500, mbele ya sebule. IMESOMEKA.
Sebule: 4800 kwa 4200. Mlango D1 unatoka barazani; dirisha W1 moja liko mbele na W1 jingine liko ukuta wa kushoto. IMESOMEKA.
Chumba cha kulia: 3000 kwa 4200. Dirisha W1 liko mbele. Kati yake na sebule kuna uwazi wa 1800 usio na mlango, na kuelekea koridoo kuna uwazi wa 1200. IMESOMEKA.
Jikoni: 3000 kwa 3300 ndivyo ilivyoandikwa ndani ya chumba, ilhali mstari wa vipimo ulio nje, upande wa kulia, unasema kina ni 3000. Mlango D2 mmoja unaingia chumba cha kulia, D2 mwingine unatoka nje upande wa kulia. Dirisha W2 liko mbele. ULIZA.
Stoo: 3000 kwa 1000, nyuma ya jikoni. Mlango D3 unafungukia koridoo. Dirisha W3 liko kulia. IMESOMEKA.

KATIKATI
Bafu na choo cha wote: 2400 kwa 1200, mwisho wa kushoto wa koridoo. Mlango D3, dirisha W3 ukuta wa kushoto. IMESOMEKA.
Koridoo: 8600 kwa 1200. IMESOMEKA.
Dirisha la mwisho wa koridoo, ukuta wa kulia: linaweza kuwa W2 au W3. ULIZA.

NYUMA
BR 1, chumba kikuu: 3600 kwa 3600. Mlango D2, dirisha W2 nyuma. IMESOMEKA.
Bafu na choo cha BR 1: 1400 kwa 2000. Mlango D3, dirisha W3 nyuma. Kina IMEKOKOTOLEWA.
Nafasi ya kabati la nguo la BR 1: 1400 kwa 1400, wazi upande wa chumba, bila mlango. IMESOMEKA.
BR 2: 2800 kwa 3600. Mlango D2, dirisha W2 nyuma. Upana IMEKOKOTOLEWA.
BR 3: 2800 kwa 3600. Mlango D2, dirisha W2 nyuma. IMESOMEKA.

MILANGO NA MADIRISHA, upana kwa urefu
D1: 1200 kwa 2100. IMESOMEKA.
D2: 900 kwa 2100. IMESOMEKA.
D3: 750 kwa 2100. IMESOMEKA.
W1: 1500 kwa 1200. IMESOMEKA.
W2: 1200 kwa 1200. IMESOMEKA.
W3: 600 kwa 600. IMESOMEKA.
Safu ya idadi imekatwa na ukingo wa picha. Nimehesabu alama moja moja ndani ya mchoro nikapata D1 moja, D2 tano, D3 tatu, W1 tatu, W2 nne na W3 tatu, bila kulihesabu lile dirisha la koridoo. ULIZA kabla ya kuagiza fremu.

MAELEZO

Kuhusu jikoni, ambako ndiko kwenye uzito. Niliikuza picha ya pili hadi tarakimu zikajaa kioo cha simu, na ile 3 ya pili katika 3300 ni 3 kweli: mikunjo yake miwili iko wazi upande wa kushoto, na wino haujaenea hata uifanye sifuri ionekane vibaya. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba picha ndiyo iliyodanganya. Lakini ukiufuata mstari wa vipimo wa upande wa kulia kutoka mbele kwenda nyuma, unakuta 200, 3000, 200, 1000, 200, 1200, 200, 3600 na 200, ambazo jumla yake ni 9800 kamili, sawa na kina cha nyumba. Tukiweka 3300 mahali pa 3000, nyumba inafika 10100 upande wa kulia huku upande wa kushoto ukibaki 9800, na eneo la 113.68 halitimii tena. Njia nyingine pekee ya kuipata 3300 bila kuirefusha nyumba ni kuipunguza stoo ibaki 700, na stoo imeandikwa 1000 mahali pawili. Ushahidi wote unaelekea 3000. Hata hivyo nimeiacha 3300 kwenye orodha kwa makusudi, kwa sababu huenda mchoraji aliibadilisha jikoni kwa ombi lako, Shangazi, akasahau kurekebisha mstari wa nje. Wewe ndiwe unayejua kama uliwahi kuomba jikoni iongezwe. Mimi kazi yangu ni kunakili, na kusahihisha ramani ni kazi ya aliyeichora.

Kuhusu BR 2, mkunjo wa karatasi umepita juu ya tarakimu ya pili, chumbani na kwenye mstari wa nje wa nyuma pia, kwa hiyo kinachoonekana ni 2, pengo, kisha 00. Namba nyingine za mstari huo ni 200, 3600, 200, 1400, 200, kisha ile iliyofichwa, halafu 200, 2800 na 200. Zinazosomeka zina jumla ya 8800, na ukizitoa kwenye 11600 inabaki 2800. Hapa sina shaka, kwa kuwa hakuna namba nyingine inayopingana nayo, ila neno IMEKOKOTOLEWA libaki hadi mtu aikunjue karatasi na kuisoma kwa macho.

Bafu la BR 1 lilipigwa na mng'ao wa taa ya simu, ikaonekana 20 tu. Nafasi ya kabati ni 1400 na ukuta kati yao ni 200, na vyote vitatu vinapaswa kujaza kina cha 3600, hivyo bafu ni 2000.

Dirisha la koridoo alama yake ina ukungu. Koridoo ina upana wa 1200, na W2 nalo lina upana wa 1200, maana yake lingeujaza ukuta wote kutoka pembe hadi pembe bila kuacha mahali pa kuishika fremu. Naona kwa uzito kwamba ni W3, lakini sijaliandika hivyo.

Fundi, naomba jambo moja kwa heshima. Najua kazi nyingi hupangwa kwa futi, na wenzako watakuuliza chumba kikuu ni futi ngapi. Tafadhali pima kwa upande wa milimita wa tepu yako, na usikiite chumba cha 3600 futi 12. Futi 12 ni milimita 3657.6, kwa hiyo unaongeza karibu sentimita 6 kwa chumba kimoja; ukifanya vivyo hivyo kwa vyumba vinavyofuatana kwenye mstari mmoja, ukuta wa mwisho hauangukii tena mahali pake juu ya msingi. Ndiyo maana sikuweka futi popote kwenye orodha hii, ingawa Shangazi aliniomba niziweke kando ya kila kipimo.

Vilevile, mtu yeyote asiweke rula juu ya picha ili kupata kipimo ambacho hakikuandikwa. Ramani inasema mizani ni 1:100, lakini mizani hiyo ni ya karatasi yenyewe ilipochapishwa. Picha imepigwa kwa kuinamisha simu, na upande wa mbele wa nyumba unaonekana mpana kuliko wa nyuma, ilhali kuta zote mbili zina 11600. Kwa sababu hiyo sikuandika umbali wa dirisha lolote kutoka kwenye pembe ya chumba, wala mahali pa shimo la maji taka lililochorwa nyuma bila kipimo chochote.

Atakayetengeneza kabati la BR 1 asikate mbao kwa 1400 ya orodha. Plasta ya milimita 15 kila upande itaiacha nafasi hiyo ikiwa 1370, na ni vyema apime tena ukutani plasta ikishakauka.

Shangazi, ninachohitaji sasa ni picha mbili zaidi. Moja iwe ya kona ya chini kulia, ambako kuna jedwali la milango na madirisha pamoja na kisanduku chenye jina la mchoraji na tarehe ya ramani, kwa kuwa kisanduku hicho kimekatwa chote na hatuwezi kujua kama hili ni toleo la mwisho. Ya pili iwe ya nyuma ya nyumba. Ilaze karatasi mezani karibu na dirisha, inyooshe mkunjo, zima taa ya simu, kisha simama juu yake moja kwa moja ili kingo nne za karatasi zionekane. Kuhusu jikoni, mpigie mchoraji umuulize kina ni 3000 au 3300, na umwombe akujibu kwa ujumbe ulioandikwa. Nikishapata hayo nitaituma orodha nzima upya, na Fundi aifute hii ya leo kwenye simu yake ili zisibaki mbili.