Cheki hizi kabla akaunti za duka la vitenge hazijajifunga

☐ Jimeili ya duka: weka namba yako na imeili nyingine ya akiba, sio ya yule kijana wa kaunta, akiacha kazi utamtafutia wapi
☐ Namba za akiba za kuingilia Gmail ziko 10, kila moja inatumika mara moja tu, print uzifungie kabatini na leseni, usizipige skrinshoti zikabaki kwenye simu hiyohiyo maana ikiibiwa Kariakoo vimeenda vyote
☐ WhatsApp: pini ya tarakimu 6, halafu ongeza imeili, wengi wanairuka hiyo
☐ Laini isajiliwe kwa NIDA yako
☐ Peji ya Facebook: weka admini wa pili, dada yako
☐ Jaribu kuingia kwa simu nyingine