Tukufungie Zawadi ya Idi, na Maneno Yako Yawe Ndani

Asalaam aleikum, na Ramadhani karimu kwa wateja wetu wote, wa Mkunazini, wa Darajani na nyinyi mnaotoka shamba.

Kuanzia leo, chungu cha 8, hadi mwezi uandame, upande wa kushoto wa kaunta hii kuna meza ya kufungia zawadi. Leta ulichonunua hapa dukani, au ulichonunua kwengine, hatubagui wala hatuongezi bei. Tutakifunga, na ukitaka tutakiandikia ujumbe kwa mkono, kwa maneno yako mwenyewe.

Jambo hili la maneno ndilo lililotufanya tuanzishe meza. Kila mwaka tunawaona watu wananunua kanzu nzuri, kofia ya viua iliyoshonwa miezi, chupa ya marashi ya bei, halafu wanaitia katika mfuko wowote tu na kumpa dereva wa daladala aifikishe. Mzee anapokea mfuko, anauliza, "Umetoka kwa nani?" Mwenye kutoa alikuwa na mengi ya kumwambia, na hakuna hata moja lililofika. Sisi tunataka lifike.

BEI ZA KUFUNGA

Mfuko wa karatasi wenye utepe: shilingi 1,500.
Kifurushi kidogo (marashi, kofia, saa, kitabu): 2,500.
Kifurushi cha kati (kanzu, viatu, baibui, doti): 4,000.
Kifurushi kikubwa (seti ya vikombe, birika, chetezo na udi wake): 7,000.
Kikapu cha ukili, kidogo 8,000, kikubwa 15,000, pamoja na kitambaa cha ndani.
Kufunga kwa khanga: 3,000 kwa kazi. Doti uje nayo, au uchague hapa kuanzia 12,000.
Bahasha kumi za mkono wa Idi, kila moja na jina la mtoto wake: 3,000.

Karatasi, utepe, gundi na selotepu vimo ndani ya bei hizo.

Halua tunaifunga kwa namna yake. Mafuta yake hupenya karatasi ya kawaida kabla hujafika stendi, na zawadi ikafika na doa. Kwa hiyo tunatanguliza karatasi isiyopitisha mafuta, mikunjo miwili, kisha ndiyo inaingia kwenye kikapu cha ukili. Chetezo cha udongo tunakijaza karatasi tumboni kwanza, ndipo tunakizungushia nje, kwa sababu mdomo wake ndio huvunjika mwanzo. Kofia nayo hujazwa ndani isije ikalala ikapoteza umbo. Kwa kujazia hatutumii karatasi yoyote yenye aya wala jina la Mwenyezi Mungu, na mwenye kutuletea magazeti ya zamani tunayapitia ukurasa kwa ukurasa.

KUHUSU KHANGA

Hii ndiyo kazi tunayoipenda kuliko zote. Khanga inakuja na ujumbe wake tayari, na sisi tunaikunja ili jina likae juu, lisomeke kabla ya fundo kufunguliwa. Mpokeaji akishafungua anabaki na zawadi mbili, iliyofungwa na iliyofungia. Hakuna karatasi ya kutupa.

Lakini tafadhali, jina lisome vizuri kabla hujachagua. Rangi inavutia macho, na mtu anaweza kumpelekea mkwewe "Wasemao na waseme" bila kukusudia ubaya wowote, na Idi nzima ikapita watu wakiulizana ulimkusudia nani. Kwa mama, "Nani kama mama" haijawahi kumkosea mtu. Kwa mgonjwa au msafiri, "Sisi sote abiria dereva ni Mungu" inapokewa vizuri. Ukiwa na wasiwasi, muulize bibi anayekaa kwenye kiti kando ya rafu. Khanga amezivaa na kuziuza tangu ujana wake, na atakwambia jina hilo likifika nyumba ya watu litasomwaje.

Doti hukatwa na kupindwa kwanza, kwa sababu mpokeaji atataka kujifunga asubuhi ile ile ya Idi. Fundi wetu wa cherehani anahitaji siku mbili. Ndiyo maana oda za khanga zinafungwa mapema, kama mtakavyoona hapa chini.

UJUMBE

Kadi yenye maneno yasiyozidi 40: shilingi 2,000.
Barua ya ukurasa mmoja au miwili, pamoja na bahasha: 5,000.
Jina au dua fupi kwa khati ya Kiarabu, wino mweusi au wa dhahabu: 3,000.

Ukinunua hapa bidhaa za 30,000 au zaidi kabla ya chungu cha 15, kadi ni bure.

Wengi wakifika hapa husema, "Andika tu chochote kizuri." Tuwieni radhi, hilo hatulifanyi. Chochote kizuri kinapatikana kwenye kadi za kiwandani, na Bibi yako atajua hukusema wewe. Tutakuuliza mambo matatu tu: unamwitaje mkiwa nyumbani, kitu gani unakikumbuka mlichofanya pamoja, na unamtakia nini Idi hii. Ukishajibu hayo matatu, ujumbe umeshapatikana, kinachobaki ni kuuandika.

Mwaka jana kijana mmoja alisimama hapa muda mrefu, hajui aanzie wapi. Tukamuuliza hayo matatu. Kadi iliyotoka, kwa ruhusa yake tunaibandika hapa kama mfano: "Bi Mkubwa, nikisikia adhana ya Magharibi huku mjini nakumbuka uji wako wa pilipili manga, na wewe unanipulizia nisiungue. Sasa nimepata kazi. Vaa hii siku ya Idi, na uniombee." Maneno hayazidi thelathini. Yeye ndiye aliyeyasema yote, sisi tulishika kalamu tu.

Asiyejua kuandika, au ambaye macho hayamsaidii tena, aje vilevile. Atasema, tutaandika kama alivyosema, iwe Kipemba, Kitumbatu au Kimakunduchi. Hatusanifishi maneno ya mtu. Kama mama yake humwambia hivyo, na kadi itasema hivyo.

Siri yako ni siri. Nyuma ya pazia kuna kijimeza na kiti, utasemea huko. Hatusomi ujumbe kwa sauti hapa kaunta, na karatasi ya mswada unaondoka nayo mwenyewe.

Kadi yenye aya tunaiweka ndani, juu ya zawadi, katika bahasha yake. Haibandikwi nje ambako itachanwa pamoja na karatasi.

Lipo jambo moja tunalotaka mlijue. Idi iliyopita tulikosea. Vifurushi viwili vya ukubwa mmoja, karatasi rangi moja, vilibadilishana kadi, na mama aliyekuwa amelazwa akasomewa maneno yasiyokuwa yake. Tulikwenda kuomba radhi nyumba zote mbili na fedha tukarudisha, lakini asubuhi ile haikurudi. Tangu hapo kila oda ina namba moja iliyoandikwa mara tatu: kwenye risiti yako, kwenye kadi, na chini ya kifurushi. Na hatufungi fundo la mwisho mpaka wewe mwenyewe umesoma kadi na kutia sahihi ya herufi mbili nyuma yake. Usione tunakuchelewesha. Ukimtuma mtu aje kuchukua, mpe risiti, bila risiti hatutoi kifurushi hata kama tunamjua.

VIKUBA

Ukitaka kikuba cha asmini, mrehani na waridi kifungwe juu ya utepe, ni shilingi 2,000. Asmini haingoji mtu. Hatutengenezi vikuba mpaka mwezi uwe umetangazwa, na utavichukua usiku huo huo baada ya Isha. Ukifika nyumbani kinyunyizie maji kidogo na ukifunike kwa kitambaa kibichi, asubuhi kitakuwa bado kinanukia.

MWISHO WA KUPOKEA ODA

Zawadi za kwenda Pemba: chungu cha 21, kabla ya saa 10 jioni. Tunazikabidhi bandarini Malindi chungu cha 23. Mwaka jana tulipokea mpaka chungu cha 25, boti zikajaa, na vifurushi vinne vikafika Idi imeshapita. Hatutarudia.

Zawadi za kwenda Dar es Salaam: chungu cha 24. Nauli ya mzigo unalipa mwenyewe, sisi tunaongeza 2,000 kwa kuufikisha bandarini na kukutumia namba ya mpokea mzigo.

Barua na khati ya Kiarabu: chungu cha 24. Mwandishi wa khati ni mmoja, na usiku wa kumi la mwisho yuko msikitini.

Khanga: chungu cha 25.

Vikuba: chungu cha 27, ili tujue tuagize asmini kiasi gani.

Vifurushi vya kawaida, kadi na bahasha za watoto: chungu cha 28, saa 10 jioni.

Chungu cha 29 hatupokei oda mpya, siku hiyo ni ya kutoa tu. Mwezi ukiandama na Mufti akatangaza, duka litabaki wazi hadi saa 7 usiku ili kila mtu achukue chake. Ukitimia 30, basi siku hiyo tutapokea vifurushi vidogo tu, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana, na kufunga tutafunga hapo hapo ukisubiri.

Saa za meza mwezi huu: saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni, kisha baada ya tarawehe, saa 3 na nusu usiku hadi saa 6. Asubuhi ndiyo kuna nafasi. Usiku wa kumi la mwisho foleni hufika mlangoni, na mwenye mtoto mgongoni au mzee tunamtanguliza, tunaomba wengine mridhie.

Arubuni ni nusu ya bei, kwa fedha taslimu au kwa simu. Ukighairi kabla hatujakata karatasi au doti tunakurudishia yote. Tukishakata, tunarudisha ya kadi tu.

Kitu cha chakula kinachoharibika, nyama, maziwa au samaki, hatufungi. Fedha taslimu za kwenda ng'ambo ya bahari ndani ya kifurushi pia hatufungi, zitume kwa simu. Noti mpya za watoto njoo nazo mwenyewe kutoka benki. Sisi tunatoa bahasha na kuandika majina, kwa hiyo ukija uwe na orodha ya wajukuu wote, kwani aliyesahauliwa ndiye atakayefika wa kwanza asubuhi.

Muulize aliye kaunta sasa hivi akuoneshe karatasi za rangi na vikapu vilivyobaki. Vikapu vikubwa vya ukili tulivyoletewa ni 40 tu.