DALILI ZA HATARI KATIKA UJAUZITO
Kadi ya mama. Itunze pamoja na kadi yako ya kliniki, na umsomee kila unayeishi naye.

NENDA HOSPITALI SASA HIVI. Hata kama ni usiku wa manane, usingoje kupambazuke.

Damu ikitoka ukeni, iwe nyingi au kidogo, uwe unaumwa au huumwi. Mimba ikishatimia, ute mzito wenye michirizi ya damu huashiria uchungu. Damu inayotiririka au kulowesha nguo haiashirii uchungu, ni hatari.

Degedege, au kuzirai.

Kichwa kuuma sana bila kutulia, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu makali chini ya kifua upande wa kulia, uso na mikono kuvimba ghafla. Hata dalili moja kati ya hizi inatosha kukuondoa nyumbani: huenda presha imepanda, na degedege ikafuata. Vidonge vya maumivu havishushi presha.

Tumbo kuuma kwa nguvu bila kuachia. Kupumua kwa shida. Homa kali pamoja na kuishiwa nguvu.

Chupa kuvunjika na kitovu cha mtoto kutokeza ukeni: piga magoti, inamisha kichwa chini, inua makalio, watu watafute gari mara moja. Usikirudishe ndani.

NENDA LEO HII. Usilale nayo.

Mtoto kupunguza kucheza au kutulia kuliko kawaida yake. Utaambiwa kwamba mtoto hutulia uchungu ukikaribia. Si kweli. Anatakiwa kucheza hadi siku ya kuzaliwa. Ikiwa hachezi kabisa, nenda sasa hivi.

Maji kuvuja ukeni, hata kidogo kidogo, hata kama uchungu haujaanza. Yakiwa ya kijani au yananuka, nenda sasa hivi. Vaa pedi safi ili mkunga aone rangi yake, na usiingize kitu chochote ukeni.

Uchungu kuanza kabla ya wiki 37. Homa. Kutapika kila unachokula na kunywa. Maumivu wakati wa kukojoa.

WEWE ULIYE NAYE NYUMBANI

Akipata degedege, mlaze kwa ubavu wa kushoto, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, usimtie kitu mdomoni, hata kijiko au maji. Tafuta usafiri wakati huohuo. Usingoje mwenye nyumba arudi wala ruhusa ya mtu. Mama ameshapewa ruhusa na kadi hii.

BAADA YA KUJIFUNGUA

Hatari haiishi siku ya kuzaa. Kwa wiki 6 zinazofuata, nenda sasa hivi ukilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, ukipata degedege, kichwa kuuma sana, kupumua kwa shida, homa au uchafu unaonuka ukeni, au mguu mmoja kuvimba na kuuma.

Mama, ukifika sema hivi mlangoni: "Mimi ni mjamzito, nina dalili ya hatari," kisha uitaje. Ikiwa umeshajifungua, taja ni siku ngapi zimepita. Ukipimwa ukaonekana mzima, hujamsumbua mtu. Ukiiona tena dalili hiyohiyo, rudi.