Sura ya 7: Hitimisho na Pendekezo (toleo lililorekebishwa) – Ghala na Mashine ya Kukaushia Mahindi, Busia, Uganda

Sura hii inachukua nafasi ya ile iliyopendekeza ushirika uanze kujenga mara moja. Takwimu ni zilezile. Pendekezo limebadilika.

Shida ipo kweli. Sampuli 27 kati ya 40 tulizopima msimu wa mavuno ya kwanza zilizidi unyevu wa asilimia 13.5, kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki. Lakini mahindi kuwa mabichi ni jambo moja, mwenye mahindi kukubali kulipia kuyakausha ni jingine. Wafanyabiashara 41 kati ya 62 walisema wataitumia mashine. Waliotia sahihi ni 9, kwa tani 640 kwa mwaka. Ili ghala lijilipe na deni la benki lirudi, zinahitajika tani 1,800.

Kwa nini wamesita? Hesabu yao iko sawa. Kilo moja yenye unyevu wa asilimia 18 inauzwa shilingi 1,000. Ikikaushwa hadi 13.5 inabaki gramu 948, na kwa bei ya mahindi makavu, shilingi 1,100 kwa kilo, inaleta 1,043. Toa ada yetu ya 80, anabaki na 963. Amekausha, amepata hasara ya shilingi 37. Toleo la awali lilitaja nyongeza ya bei, likasahau uzito unaopotea.

Kwa hiyo tunapendekeza ushirika usikope shilingi milioni 420 sasa. Ukodi mashine ya kuhamishika kwa msimu mmoja, ada iwe shilingi 30, ambapo mteja atabaki na faida ya shilingi 13 kwa kilo. Ukodishaji pamoja na dizeli ni milioni 24. Tani 640 zikikaushwa zote zitaleta milioni 19.2. Pengo la milioni 4.8 litoke kwenye akiba, na wanachama waambiwe hivyo kabla ya kupiga kura. Ujenzi urudishwe mezani mikataba ikifika tani 1,800 na bei ya makavu ikizidi ya mabichi kwa shilingi 140 au zaidi.

Hatari kubwa kuliko zote ni mpaka. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya aflatoksini, sumu ya ukungu, kisha siku chache baadaye ikafungua kwa masharti, kikiwamo cheti cha vipimo. Masharti kama hayo yakisimamiwa kwa ukali, mahindi makavu yatapanda bei na hesabu itageuka kwa faida yetu. Mpaka ukifungwa kabisa, mashine italala. Tena kukausha hakuondoi aflatoksini iliyokwisha kuingia shambani. Wanunuzi wengi hulipa kwa shilingi za Kenya, na hatukupima athari ya kubadilika kwa thamani yake. Bei ya mashine tuliipata kwa muuzaji mmoja tu. Kiwanja nacho ni cha kukodi: mkataba umebakiza miaka minne, mkopo ni wa mitano.