Doti Kumi na Mbili

"Mwanaidi, nimehesabu mara tatu. Doti kumi na mbili hazipo."

Mama Nasra hakupaza sauti. Angepaza, ningejua la kujibu. Alisema huku anakunja khanga, kama ananituma chai.

Zilikuwa zile nyekundu, jina lake "Usisafirie nyota ya mwenzio", mzigo ulioingia wiki iliyopita. Jumamosi tukifunga zilikuwa 40, nimeandika kwa mkono wangu. Jumatatu asubuhi, 28.

"Mama, Jumapili hatufungui. Na ufunguo unalala kwako."

"Kwa hiyo mwizi wa duka langu ni mimi?"

Hapo utasema nini tena? Kariakoo maneno yana mbio kuliko mikokoteni. Haikufika adhuhuri, kijana wa duka la pili, aliyezoea kuniita shemeji, akaniita dada. Mama Nasra akabonyeza kikokotoo, akanigeuzia nisome: 13,000 mara 12, 156,000. Mshahara wangu ni 150,000. Yaani mwezi mzima nisimame pale kaunta, halafu nimwongeze 6,000 juu.

Siku tatu, kila jioni nikitoka, nilifungua mkoba wangu mlangoni na kuuinamisha. Hakuwahi kuniambia niufungue. Wala hakuniambia niache.

Alhamisi akaingia wifi yake wa Magomeni, furushi kwapani, hata salamu hajamaliza.

"Wifi, mbona mimi umenipa yenye doa? Wenzangu kumi na mmoja wamependeza, maulidi yote mimi nimekaa nimefunika pindo kwa pochi!"

Mama Nasra alikuwa anampimia mteja kitambaa. Mkono ukasimama.

"Zile sare," akasema taratibu. "Nilipita kuzichukua Jumapili alfajiri." Hakuwa anasema na mimi. Alikuwa anasema na futi.

Nikapanda ngazi, nikamteremshia wifi doti safi. Zikabaki 27. Yenye doa nikaiweka kando, na doa lenyewe lilikuwa dogo, la kiwandani.

Jioni, wakati wa kuteremsha shata, akaniita.

"Chukua hii, mwanangu. Uvae Idi."

Pole hakusema. Nikaikunjua kwanza nitafute jina, maana khanga ya kupewa haipokelewi kabla haijasomwa. Ya kijani, mji wake maua ya mikorosho, na chini: "Wema hauozi".

Wema wa nani?

"Ahsante, Mama," nikasema. Nikaikunja upya kwa mikunjo ya dukani, nikapanda nayo hadi rafu yake, nikashuka kufungua daftari. Yeye kasimama na ufunguo mkononi, ananitazama. Chini ya hesabu ya Jumatatu nikaandika: *Wema hauozi, doti 1, imerudi.*

Nikamgeuzia asome.