Yah: Ombi la Kuacha Kazi katika Utumishi wa Umma

Zuhura Mbaruku Kileo
Afisa Kilimo, Lushoto
2 Juni 2025

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya Lushoto.

Kupitia kwa: Mkuu wa Idara ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi.

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa heshima naomba ridhaa yako niache kazi kuanzia tarehe 1 Agosti 2025. Barua hii ni notisi yangu, na nimeiandika mapema ili nafasi yangu ipate mtu kabla ya vuli.

Mama yangu, anayeishi Pangani, amepooza upande wa kulia. Hawezi kula mwenyewe, na inabidi ageuzwe kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Mimi ndiye mtoto wake pekee. Niliwaza kuomba likizo bila malipo, hata uhamisho, lakini likizo ina mwisho na uhamisho ungenirudisha shambani kwa watu asubuhi hadi jioni. Sina malalamiko yoyote dhidi ya ofisi.

Nimesema "naomba" kwa sababu wewe ndiye mamlaka yangu ya ajira, na ajira yangu iko chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298. Nikiondoka kabla hujaniridhia kwa maandishi nitahesabiwa mtoro, na miaka yangu 9 ya kazi itaishia kwenye shauri la nidhamu. Mpaka nipate jibu lako, mimi ni mtumishi wako: nitaripoti kazini kila siku na kupokea maelekezo kama kawaida. Ukiona tarehe niliyoomba inaathiri kazi, niko tayari kuisogeza hadi mwisho wa Agosti.

Sikusomeshwa na mwajiri, hivyo sina mkataba wa kutumikia. Deni langu la Bodi ya Mikopo bado lipo na nitaendelea kulilipa mwenyewe. Ukiridhia, naomba jina langu liondolewe mapema kwenye orodha ya mishahara. Sitaki kulipwa hata siku moja ambayo sikuifanyia kazi. Naomba pia taarifa zangu zipelekwe PSSSF.

Nitakabidhi pikipiki, kishikwambi, kipima mvua na daftari la wakulima walioandikishwa kwa mbolea ya ruzuku. Katika daftari hilo nimeweka alama nyekundu kwa wakulima ambao namba zao za simu zimebadilika. Naomba sana atakayenirithi aanze na hao, maana bila namba sahihi hawapati ujumbe wa mbolea, na wengi ni akina mama wanaolima wenyewe. Niko tayari kuzunguka naye vijijini kwa wiki nzima.

Nashukuru kwa kuniamini tangu mwaka 2016. Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,

Zuhura M. Kileo

Nakala: Afisa Mtendaji wa Kata